Bibi, mama na binti mbele ya baibui moja

Chumba cha mbele cha nyumba yetu, hapa Magomeni, kina vyerehani viwili, meza ya kukatia na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Kwa miaka 12 tumekuwa tukishona humo mabaibui na kanzu za watoto. Sisi ni mume na mke: mmoja wetu hushona, mwingine huenda Kariakoo kununua vitambaa na kuandika daftari. Zamani mteja alikuwa akibisha hodi, akakaa juu ya jamvi, akashika kitambaa kwa vidole viwili, akauliza habari za watoto, kisha ndipo tukaingia katika bei. Siku hizi wengi wao hawajui hata mlango wetu uko wapi. Wanatujua kwa simu, na simu yenyewe anaishika binti yetu wa miaka 19.

Tunayoyaeleza hapa yalitupata kuanzia mwezi wa Shaabani hadi sikukuu ya Idd. Tunayaandika kwa sababu tunajua ziko nyumba nyingi za Kiislamu ambamo mama anashona, anapika halua au anauza udi, na kijana wa nyumbani ndiye anayetangaza. Huenda nao wakakosea pale pale tulipokosea sisi.

Kosa letu lilikuwa jepesi kulitenda. Tulikuwa na baibui moja jipya, la kitambaa cha nida nyeusi, lenye tarizi ya kijivu mikononi. Binti alilipiga picha, akaandika chini yake maneno ya vijana wa mjini, ya mzaha na alama nyingi za mshangao, bila bei, ila agizo kwamba anayetaka aje kuuliza faraghani. Akaiweka picha hiyo Instagram. Kisha, kwa kuwa ni kubofya mara moja tu, akaiweka na kwenye stetasi ya WhatsApp, akaituma na kwa orodha ya wateja wetu wote. Picha moja na maneno yale yale yakamfikia mwanafunzi wa chuo, mama wa watoto wanne na bibi wa miaka 70 kwa siku moja.

Jioni ile bibi mmoja, mteja wetu tangu mwaka wa kwanza, alipiga simu. Alitoa salamu, akauliza afya zetu, akauliza hali ya mama yetu mgonjwa. Mwishoni akasema kwa upole, "Wanangu, nimesomewa na mjukuu tangazo lenu. Nikamwambia hao si wao, labda simu yao imeibiwa." Tulicheka, naye akacheka. Lakini baada ya kukata simu hatukuwa na furaha. Mtu aliyetuamini miaka 12 hakuitambua sauti yetu.

Binti alijitetea, na utetezi wake ulikuwa na haki ndani yake. Alisema wenzake wa umri wake hawasomi tangazo linaloanza kwa "Wateja wetu watukufu". Wanapitisha kidole juu, picha zinapita, na mwenye sekunde mbili za kuwazuia ndiye anayewapata. Alisema pia, na hili lilitushangaza, kwamba tulikuwa tukiwavunja moyo vijana kwa namna tunavyowajibu. Kijana huandika neno moja tu: "Bei?" Mmoja wetu alikuwa akiliona neno hilo kuwa ni utovu wa adabu, naye hujibu kwa salamu ndefu kana kwamba anafundisha somo, na kijana hupotea. Kumbe kijana hakukusudia jeuri. Kwake kuuliza bei kwa neno moja ni kama vile sisi tunavyogeuza kitambaa kutazama karatasi iliyobandikwa. Ana fedha kidogo, anataka kujua kwanza kama jambo hili linamhusu au halimhusu, asije akamsumbua mtu bure. Kwake huo ndio uungwana.

Kwa bibi mambo ni kinyume chake. Kumtajia bei kabla hajajibiwa salamu ni kumwambia kwamba unamwona mfuko tu. Na bei yenyewe kwake ni mwanzo wa mazungumzo. Atasema punguzeni, utapunguza kidogo, ataomba umkunjie upindo bure, utakubali, na katika kwenda na kurudi huko ndiko anakopima kama wewe ni mtu wa kuaminika. Kijana hapimi hivyo. Yeye hutazama picha za wateja waliotangulia, husoma waliyoyaandika, huangalia kama ukurasa ulianza jana au una miaka. Wote wawili wanaogopa kudanganywa, ila kila mmoja anaitafuta amana mahali alipozoea kuiona.

Kati yao yuko mama wa miaka 35 au 45, ambaye ndiye hasa mlipaji wa nyumba. Huyu hana muda. Anatazama stetasi alfajiri baada ya swala na mchana watoto wakiwa shule. Hataki mzaha wala mazungumzo marefu. Anataka bei, urefu, rangi zilizopo, na kama litafika kabla ya Ijumaa. Tangazo linalomwambia "njoo uulize faraghani" linamuudhi, kwa sababu anaona anafichwa kitu. Binti alikuwa akificha bei kwa hesabu kwamba watu wakiuliza chini ya picha, picha husambaa zaidi. Huenda ni kweli. Lakini maswali hayakuwa mauzo, na tulipoanza kuandika bei wazi, Sh 45,000, waliouliza walipungua na walionunua hawakupungua.

Hata neno la kuita nguo yenyewe lilitugawa. Bibi anasema baibui. Binti anasema abaya, na wenzake wanapotafuta kwenye simu wanaandika abaya. Ukiandika moja tu, umeufunga mlango mmoja. Vivyo hivyo na kipimo. Vijana wamezoea namba za inchi za kutoka bega hadi kisiginoni: 52, 54, 56, 58, 60. Wanaandika "54" na mambo yamekwisha. Bibi hukwambia, "Mimi ni mfupi kuliko mama yako, lakini nimenenepa." Mwanzoni tulimjibu kwa kumwuliza namba, na alinyamaza kwa aibu ya kutojua. Sasa tunamwomba atutumie baibui lake la zamani linalomkaa vizuri, tunalipima wenyewe, tunalirudisha pamoja na jipya.

Turudi kwenye ile orodha ya WhatsApp, maana hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hatukulitegemea. WhatsApp inakuruhusu kuandaa orodha ya hadi watu 256 ukatuma ujumbe mmoja ukawafikia wote, kila mmoja akiuona kama umeandikiwa yeye peke yake. Orodha yetu ilikuwa na namba 140. Tuliamini kwamba tukituma, wote 140 wamepata. Binti ndiye aliyetuonyesha kwamba ukiushikilia ujumbe huo kwa kidole na kufungua maelezo yake, unaona umewafikia akina nani. Baada ya siku mbili ulikuwa umewafikia watu 83.

Sababu ni moja tu. Ujumbe wa orodha ya namna hiyo humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako katika simu yake. Kuihifadhi wewe yake hakutoshi. Tuliandika majina ya wale 57 waliokosa, tukayasoma kwa sauti, na karibu wote walikuwa wazee. Wanatujua kwa sura na kwa mlango, hawajawahi kuwa na haja ya kuandika jina letu kwenye simu. Wengine wamebadilisha simu wakapoteza namba. Wengine namba waliyotupa ni ya mjukuu au ya mtoto wa kazi, wao wenyewe wanatumia kiswaswadu. Kwa miezi mingi tulikuwa tunasema wazee hawanunui siku hizi, kumbe wazee walikuwa hawajaambiwa.

Stetasi nayo ina hila yake upande wa pili. Inadumu saa 24, nayo huonekana na yule tu ambaye mmehifadhiana namba. Chini yake unaona idadi ya waliotazama, nasi tulikuwa tukiitegemea idadi hiyo kujua nguo gani inapendwa. Lakini mtu aliyezima alama za kuonyesha kwamba amesoma ujumbe hahesabiwi hata akitazama mara kumi, na wenye mazoea ya kuzima alama hizo, kwa tuliowauliza, ni vijana. Basi idadi ile ilikuwa inatuambia zaidi habari za akina mama, nasi tukidhani inasema habari za watu wote. Mauzaji akifanya uamuzi wa kununua kitambaa kwa kutazama idadi hiyo peke yake, atashona nguo za rika moja.

Tukaamua kuanzisha ukurasa mpya katika daftari. Kwa kila mteja tuliandika mambo manne: aliiona wapi nguo mara ya kwanza, aliuliza kwa njia gani, nani alilipa, na nani atavaa. Haikuwa kazi kubwa. Unauliza tu wakati wa kufunga mzigo. Hadi usiku wa kuamkia Idd tulikuwa tumeuza nguo 53 kwa wateja 38.

Wateja 14 walianzia Instagram, wakachukua nguo 15. Wateja 16 walianzia kwenye stetasi au orodha, wakachukua nguo 19. Na wateja 8 tu walikuja kwa kupigiwa simu au kwa miguu yao, wote wakubwa wa umri, wakachukua nguo 19. Tulirudia kuhesabu mara mbili. Bibi hanunui kila mwezi. Lakini akinunua, hununua moja lake, moja la mkwe, moja la mjane wa jirani ambalo hataki litajwe. Wale ambao tulikuwa karibu kuwaacha nyuma walikuwa wamebeba zaidi ya theluthi ya nguo zetu.

Jambo la pili lilitupa somo zaidi. Kati ya wale 14 wa Instagram, 5 tu walilipa kwa fedha zao. Wale 9 waliobaki waliiona nguo, wakaipiga picha kioo cha simu, wakamtumia mama, shangazi au dada mkubwa kwa WhatsApp wakiomba wanunuliwe. Yaani aliyechagua ni kijana, aliyelipa ni mama, na mazungumzo yalianza mahali pamoja yakaishia pengine. Picha ile ilipomfikia mama ilikuwa imekatwa: maneno ya mzaha yapo, bei haipo, urefu haupo, namba yetu haipo. Mama anatazama anaona nguo nzuri na maneno ya kihuni. Binti mmoja alituambia mama yake alikataa kwa neno fupi, "Watu gani hawa?" Akamnunulia kwingine.

Tangu siku ile tunaandika juu ya picha yenyewe, kwa herufi kubwa zisizohitaji miwani, mambo matatu tu: bei, urefu uliopo na namba ya simu. Hata ikikatwa na kutumwa mara tano, hayo yanabaki. Maneno ya chini ya picha ndiyo tunayoyabadilisha kwa kila mahali. Kwa Instagram binti anaandika apendavyo, kwa sharti moja, kwamba asiandike neno ambalo angeona haya kulisoma mbele ya bibi yake, kwa kuwa sasa tunajua bibi huenda akasomewa. Kwa stetasi ni sentensi mbili kavu. Kwa wazee hatuandiki kitu. Tunapiga simu, au tunatuma ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja, unaoanza na salamu na kutaja jina la mwenye kuitwa. Sauti tunaitoa sisi wenyewe. Mzee akiisikia anajua simu haikuibiwa. Na tunapiga baada ya alasiri, si kati ya Magharibi na Isha.

Tulibishana sana juu ya TikTok. Binti alitaka video ya msichana anayetembea amevaa nguo, na muziki chini yake, kwa hoja kwamba bila mwili ndani yake nguo haionekani inavyoanguka. Hoja ya kuanguka ni ya kweli, kila mshonaji anaijua: nida ikining'inizwa kwenye msumari ni kitu kimoja, ikitembea ni kitu kingine. Lakini hatukuwa tayari kumtembeza binti wa watu mbele ya macho tusiyoyajua ili tuuze vazi la stara, na hapo hatukulegeza. Tulikubaliana apige video ya mikono inayokunjua kitambaa na kukitikisa mbele ya dirisha, sauti ikiwa ya cherehani tu. Imetazamwa na wachache kuliko alivyotarajia. Hatusemi kwamba tulishinda. Rika lake lina mahitaji yake, na wapo waliokwenda kwa muuzaji mwenye muziki.

Kuna jambo moja tunaliandika kwa uzito. Katikati ya Ramadhani kazi ilituzidi, na binti aliweka picha nne za mabaibui ambazo hazikuwa zetu. Alizichukua kwenye ukurasa wa muuzaji wa Ghuba, akidhani tutashona mfano wake. Sisi tuliziona, tukanyamaza, kwa hiyo kosa ni letu watu wazima. Wasichana wawili waliandika chini ya picha siku ile ile kwamba wameziona kwingine, wakauliza kama ni zetu kweli. Vijana wana jicho la hayo, wanajua picha huibwa. Tuliziondoa kwa aibu.

Lakini kabla hatujaziondoa, mama mmoja mtu mzima alikuwa ameonyeshwa mojawapo na mwanawe, akatuma fedha zote kabla hata hatujaomba nusu. Hakuwa na shaka yoyote. Kwake picha tuliyoiweka ni kiapo: hii ndiyo nguo. Tulimshonea kwa bidii, ila tarizi ya picha ile ilikuwa ya mashine kubwa ambayo hatuna, na yetu haikufanana nayo. Dereva wa bodaboda alimpelekea siku mbili kabla ya Idd. Alipokea, akashukuru, akatuombea dua. Hakulalamika. Hakupiga simu tena.

Kijana akiudhika anaandika hadharani, na inauma, lakini unajua. Mama wa makamo anarudisha nguo na kudai fedha. Mtu mzima ananyamaza na kukusitiri, na ukimya wake ukiwa na haraka ya biashara unauhesabu kuwa ni kuridhika. Sheria ya dini yetu kuhusu kubainisha sifa za kitu unachokiuza, na kutouza kwa kudanganya macho, tuliisoma tukiwa watoto madrasa. Hatukuwahi kufikiri kwamba inaweza kuvunjwa kwa picha ya simu, na kwamba anayeumia zaidi ni yule ambaye hajajifunza kuishuku picha.

Tulipofunga daftari baada ya Idd tuliona jina lake, na safu ya mwisho ikiwa tupu, kwa sababu hatukuwahi kumwuliza nani atavaa. Mmoja wetu alikwenda kwake Jumatano na fedha zake Sh 45,000 ndani ya bahasha. Alimkuta uani anachagua mchele. Lile baibui lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa. Alisema alilivaa swala ya Idd, na kwamba lilikuwa zuri, ila si lile. Bahasha aliikataa. Tulibishana naye mpaka adhana ya alasiri. Mwishowe alikubali tumshonee jingine, achague kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, na akasema atakuja nyumbani, si kwa simu. Amesema Jumamosi. Jamvi tumelitandika.